Jibu la Kwenye Kisanduku

Ujumbe uliingia Jumatatu saa tatu asubuhi, kupitia ile fomu ya chini ya makala za tovuti yao ya afya, ambayo kwa kawaida huleta matusi na matangazo ya mikopo. "Asanteni sana. Baba yangu ana presha na figo zake ni dhaifu. Nilikuwa na wasiwasi na hii chumvi ya potasiamu, lakini mmesema ni salama. Nimemnunulia makopo mawili, ameipenda, anaiweka hata kwenye chai."

Mwandishi wa makala aliusoma mara moja tu. Ofisini walimwita Nukta, kwa sababu angeweza kusimamisha mazishi ili kusogeza nukta moja. Mtu wa namna hiyo hakosei, ndivyo kila mtu alivyoamini, na yeye mwenyewe akiwemo.

Alifungua makala. Ilikuwa kazi nzuri, tusimnyime haki yake. Alieleza kwamba chumvi ya namna hiyo imepunguzwa sodiamu na kuwekwa potasiamu, na kwamba watu wengi wenye presha huweza kufaidika nayo. Kisha, aya ya tatu, alieleza kwamba figo dhaifu hushindwa kutoa potasiamu mwilini, ikajaa kwenye damu, na ikijaa moyo unaweza kuvurugika mapigo bila hata kutoa taarifa. Yote yalikuwemo. Daktari wa figo aliyasoma Alhamisi, akayarudisha na masahihisho mekundu sehemu nne, akayasoma tena, ndipo akatia saini. Juu kabisa paliandikwa: Imehakikiwa na daktari bingwa wa figo.

Lakini juu ya aya zote, chini tu ya kichwa, palikuwa na kisanduku cha rangi ya buluu. "Je, chumvi ya potasiamu ni salama kwa mwenye presha? Ndiyo. Ina sodiamu kidogo, na husaidia kushusha presha ikitumika badala ya chumvi ya kawaida."

Kisanduku hicho hakikupita kwa daktari. Hakuna kisanduku kilichowahi kupita kwa daktari. Pale ofisini ilikuwa desturi kwamba makala husainiwa, kisha kisanduku hujazwa mwisho, kama mtu anayebandika bei kwenye bidhaa. Na aliyekijaza hiki ni Nukta mwenyewe, Ijumaa saa kumi jioni, mkoba ukiwa tayari begani.

Hakukurupuka tu. Jibu lake la kwanza lilikuwa refu, na lilikuwa na onyo ndani yake. Akaja Namba Moja, kijana wa kuhakikisha makala zao zinatokea juu watu wakitafuta mtandaoni, aliyepata jina hilo kwa sababu hajui namba nyingine. Akainama juu ya bega lake. "Dada, hili jibu halitachukuliwa. Mtu akiuliza mtandaoni, mtambo wa utafutaji unataka jibu la moja kwa moja, maneno yasiyozidi arobaini hivi. Wewe umeanza na 'kwa wengi', halafu 'lakini'. Nani anatafuta 'lakini'? Anza na ndiyo."

"Onyo je?"

"Si lipo chini? Atabofya, atasoma."

Nukta akakata. Jumapili makala ilikuwa ya kwanza kwenye utafutaji, jibu limetokeza peke yake juu ya kurasa zote, na Namba Moja akatuma kwenye kundi la ofisi picha ya kikombe cha dhahabu. Watu elfu kadhaa walilisoma jibu. Waliobofya na kuingia ndani hawakufika mia mbili.

Sasa alikuwa amesimama katikati ya chumba, hakumbuki amesimama saa ngapi. Alimpigia daktari, akamsomea ujumbe, kisha akamsomea kisanduku.

"Hilo jibu sikulisaini," daktari alisema.

"Najua."

"Sikiliza. Mwandikie sasa hivi. Mzee aache hiyo chumvi leo, asingoje kesho. Aende leo hii kwenye hospitali yenye maabara, apimwe potasiamu na figo, na moyo wake upimwe kwa mashine. Abebe dawa zake zote, na kopo pia. Dawa za presha asiziache kwa kujiamulia. Na akisikia mwili unalegea, au moyo unaruka, asisubiri kabisa. Ana dawa gani?"

"Hakusema."

"Kuna dawa za presha ambazo zenyewe huzuia potasiamu kutoka. Ukichanganya na hiyo chumvi, juu ya figo dhaifu…" Hakumalizia. "Andika, mama. Mengine tutagombana baadaye."

Aliandika. Fomu ilikuwa na anwani ya barua pepe tu, haina jina kamili wala namba ya simu. Alituma, akangoja dakika moja, akatuma tena. Aliingia kwenye makala, akafuta kisanduku chote, akaandika juu kabisa kwa herufi nzito kwamba jibu lililokuwepo tangu Ijumaa halikuwa kamili na halikuhakikiwa, akaweka tarehe na onyo. Kisha akafungua barua pepe. Hakuna. Akaenda dirishani, akarudi, akafungua tena. Chai yake iliota utando, akainywa hivyohivyo bila kuona.

Saa sita mhariri mkuu alitoka ofisini kwake, na Namba Moja nyuma yake uso umesawijika. "Nani ametoa kisanduku? Tutashuka ukurasa wa pili."

Nukta alimpa simu asome ujumbe. Mhariri alisoma, akavua miwani, akaipangusa kwa shati. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mishahara ya watu kumi na mmoja kichwani. "Sawa, umefanya vizuri kurekebisha. Lakini hii taarifa ya juu inatuvua nguo. Onyo lilikuwemo ndani. Daktari alisaini. Ukiulizwa, sema makala ilihakikiwa. Huo si uongo."

"Ni uongo," Nukta alisema.

"Makala ilihakikiwa!"

"Hawakusoma makala, walisoma kisanduku. Na kisanduku ni changu."

Namba Moja hakuwa na kikombe cha dhahabu siku hiyo. "Mimi nilidhani watabofya," alisema taratibu, akimwambia nani haijulikani.

Mhariri aliiacha taarifa mahali pake, ingawa alirudi ofisini akifunga mlango kwa nguvu.

Usiku ule Nukta hakulala, wala hatutamfuata huko, maana kugaragara kwa mtu kitandani hakuna cha kusimulia. Jumanne asubuhi aliliandika mtandaoni mwenyewe lile swali, kama angeuliza mtu yeyote, kuona sasa wanaonyeshwa nini. Jibu likatokea juu kabisa. Ndiyo. Maneno yaleyale yake, na jina la tovuti yao chini yake. Alidhani ni simu yake, akajaribu kwenye kompyuta. Ndiyo.

"Mtambo una nakala ya zamani," Namba Moja alimweleza, na safari hii alivuta kiti akakaa. "Umebadilisha kwetu, lakini wao hawajapita kuusoma ukurasa upya. Naweza kuomba waupitie. Inaweza kuchukua saa, inaweza kuchukua siku."

"Omba."

"Nimeshaomba jana. Nimeomba mara tatu. Na kuna tovuti mbili zimelinakili neno kwa neno, nimewaandikia nao." Alijikuna shingo. "Mmoja amenijibu, ananiuliza chanzo chetu ni nani."

Nukta alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, kisha akaona aibu. Alifungua barua kwa mara ya ishirini au ya mia. Safari hii kulikuwa na jibu, mstari mmoja. "Tuko hospitali tangu jana jioni." Chini yake, jina la hospitali na namba ya wodi.

Mhariri alimkataza kwenda. Alimkumbusha kuhusu mwanasheria, akamkumbusha kuhusu mkataba wake, na alipoona mwenzake anavaa koti akasema, "Angalau usiseme chochote." Nukta alishuka ngazi mbili mbili. Njiani alitunga maneno ya kusema, akayafuta, akatunga mengine. Alichotaka kujua kilikuwa kimoja tu, kama mzee yu hai, na alikiogopa kiasi cha kupita mlango wa wodi na kulazimika kurudi nyuma.

Yu hai. Alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni, nyaya zimebandikwa kifuani, na mashine kando yake ikichora mistari. Binti yake, mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya benki, alikuwa akimsogezea maji. Makopo mawili ya chumvi yalikaa kwenye kabati la chuma kama ushahidi mahakamani.

"Mimi ndiye niliyekuandikia jana," Nukta alisema. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Sauti ilikuwa dhaifu lakini yenye adabu zake zote.

Binti alisimama. "Barua yako niliiona saa kumi jioni, nikitoka kazini. Nimefika nyumbani baba hawezi kuinuka kwenye kiti, miguu imemlegea. Wamesema potasiamu ilikuwa juu mno, tungechelewa kidogo moyo ungesimama. Sasa inashuka." Alisema yote hayo kwa utulivu, halafu utulivu ukamwisha. "Mimi nilikuwa na wasiwasi! Nilikuwa nao, ndiyo maana nikauliza! Halafu imeandikwa daktari bingwa amehakiki. Nani huyo daktari? Nataka jina lake. Nitamfikisha mahali asahau udaktari wake."

Njia ya kuponyoka ilikuwa wazi kabisa hapo. Ilitosha kunyamaza. Nukta aliona jinsi ambavyo kunyamaza kungekuwa rahisi, na akajichukia kwa kuona haraka hivyo.

"Daktari alihakiki sawasawa," alisema. "Alituonya kuhusu figo, na onyo lilikuwemo kwenye jibu pia. Alipomaliza kusaini, mimi nikalitoa. Yeye hakujua. Ni mimi."

Binti alimtazama kama mtu aliyeshikwa mkono wakati anataka kupiga. Aliyeuliza ni mzee.

"Ulilitoa kwa nini, mwanangu?"

"Jibu lilikuwa refu mno, mzee. Tulitaka liwe fupi, ili litokeze la kwanza."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama anayepima uzito wa kitu mkononi. "Hebu lisome. Hilo ulilolitoa. Nilisikie."

Hakuhitaji karatasi. Lilikuwa likimzunguka kichwani tangu jana. "Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha, asiitumie kabla ya kumwuliza daktari."

Mzee alisubiri. Alisubiri kweli, macho yamemtulia usoni, akiamini kuna mengine yanakuja.

"Ndiyo hilo tu?" aliuliza.

"Ndiyo hilo tu."

Mzee akageuza uso ukutani. Nukta alibaki amesimama pale, na hakuna aliyemwonyesha kiti.