Diski Juu ya Jiko

Mume wangu Filemon hakuacha picha zake nyingi, kwa sababu siku zote yeye ndiye aliyeshika simu na kupiga. Alikuwa mpagazi mlimani, baadaye akawa mwongozaji wa watalii, na akafariki Aprili 2007 kwa nimonia, binti yetu Kindness akiwa na miaka miwili. Sauti yake ilibaki kwenye video moja ya sekunde arobaini. Ndiyo niliyokuwa naitafuta, na nilikuwa nimechoka mno.

Kosa lilikuwa langu, nalisema mapema ili nisisumbuliwe. Memori kadi ya simu ilipojaa, nilihamishia kila kitu kwenye laptop, kisha nikafuta kwenye simu. Mimi, mwalimu wa sekondari Old Moshi, niliyefundisha wenzangu kutumia kompyuta, nilifuta. Baadaye nikaogopa, nikachoma CD mbili na kunakili kwenye flashi. Flashi na CD moja nikavitia kwenye begi la laptop, vikae pamoja nisihangaike kuvitafuta.

Mwizi wa stendi ya Moshi naye hakuhangaika. Alibeba begi zima.

Ikabaki CD ya pili, niliyompa mama mkwe wangu, Magdalena, Krismasi iliyopita. Jumamosi nilipanda mlimani kwake, miguu ikiniuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama Kindness. Mbona umekonda?"

Nilimweleza. Hakushtuka. Alivuta kigoda jikoni, akapanda, akaingiza mkono darini juu ya moto, palipo na mahindi ya mbegu na ulezi, akashusha kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge. Kitenge kilikuwa cheusi kwa masizi.

"Mama! Juu ya moto?"

"Uliniambia niiweke pale ninapoweka kitu nisichotaka kipotee." Alinikazia macho. "Mbegu zangu huwekwa hapa. Moshi ukizipata, wadudu hawazigusi. Tangu nimeolewa sijawahi kupoteza hata hindi moja."

Nilitaka kugomba, nikakosa nguvu. Ni kweli nilisema hivyo, tena kwa haraka, nikiwahi gari. CD ilikuwa na utando wa masizi, na nilipoilaza mezani ukingo mmoja uliinuka kidogo. Miezi minane juu ya moto. Nililia pale pale, na mama akaniacha nilie.

Jumatatu tulishuka naye mjini, kwa Filbert, mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Sikumwomba mama anifuate. Alisema kitu alichokitunza yeye atakifikisha mwenyewe.

Filbert aliiosha diski kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni, akaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. "Ukizungusha mkono unaikwaruza kufuata njia inayosomwa," alisema. Akaiacha ikauke, akaiweka kwenye kompyuta yake mpya. Ilinguruma kama mashine ya kusaga, ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma tena. Nikaanza kuvaa viatu nilivyokuwa nimevivua chini ya meza.

"Subiri, mwalimu. Imepinda, na hii inazungusha kwa kasi. Ile ya zamani ni mzembe, huenda ikavumilia."

Kompyuta ya zamani iliisoma. Polepole, jamani, polepole mpaka nikasinzia. Baadhi ya picha zilikataa kabisa. Video iliachwa mwisho, nikatazama ule mstari wa kijani ukisimama, ukisogea, ukisimama. Ulipofika mwisho nilishika mkono wa mama.

"Fungua," nikasema.

"Hapana. Kwanza nakala." Filbert akanakili kwenye flashi, akachoma CD mbili mpya, akazifungua moja baada ya nyingine kuhakikisha zinasomeka.

Mama alitazama zile CD mbili kwa muda. "Kumbe inazaa?"

"Inazaa, mama."

"Sasa mbona hukuniambia? Mbegu nampa Mektrida jirani, nyingine nampelekea mdogo wangu kule Tarakea. Yangu ikiungua, ninazifuata kwao." Alikasirika kweli. "Na wewe ukaziweka begi moja!"

Tukagawana: flashi kwangu, CD moja iende Tarakea, nyingine ikae kabatini kwa mama, mbali na jiko. Nikamwapisha kwa hilo la jiko.

Ndipo Filbert akafungua video. Ilionyesha uwanja wa nyumbani na mama mwenyewe amechutama, akikoroga pombe ya mbege kwenye pipa, mgongo kwa kamera. Filemon haonekani, maana yeye ndiye aliyeshika simu. Kikasikika kicheko chake, kisha sauti:

"Mama! Angalia huku!"

Mama alisimama pale dukani, akaweka sawa kilemba chake.

"Naangalia, mwanangu," akasema.