Barua ya Oktoba Kumi

Jumatano tarehe 9 Oktoba 1974, saa nne asubuhi, Urbano hakuja. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja upande wa Kate, na alitakiwa kufika karakana ya Majengo kumchukua fundi akamwonyeshe kiwanja cha kusimika mashine ya kusaga. Fundi Ambwene alimngoja hadi saa nane, akitoka na kuingia, akiangalia barabara.

Mashine ilibaki moja tu. Msingi wake wa zege ulipaswa kumwagwa na kukauka kabla ya mvua za Novemba.

"Watu wa Milanzi wako tayari kuichukua hata kesho," Ambwene alimwambia karani wake asubuhi iliyofuata. "Andika, Sekela: umetupotezea siku nzima."

"Nikiandika hivyo itasomwa mkutanoni, fundi. Kule barua yenye mhuri husomwa mbele ya wote."

"Vizuri. Wamcheke."

"Akichekwa atakuja?"

Ambwene alichukua spana akaenda nje. Sekela alipiga chapa:

"Ndugu Urbano, rejea miadi yetu ya tarehe 9 Oktoba, saa nne asubuhi, kuhusu kiwanja cha mashine. Hatukuonana. Tunapendekeza Jumatano tarehe 23, saa nne asubuhi, au Ijumaa tarehe 25, saa nane mchana. Kama nafasi hizi hazifai, au kama kuna lililobadilika, tujulishe siku nyingine. Mashine tutakutunzia hadi tarehe 31."

Ambwene aliisoma mara mbili. "Umemsamehe?"

"Sijamshtaki."

Akatia sahihi. Barua ikaenda na lori la misheni.

Tarehe 23 ilipita. Ijumaa, mjumbe wa Milanzi alikaa mlangoni tangu asubuhi akiivizia mashine, akiuliza saa kila mara. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Saa nane ilipita kwa dakika ishirini ndipo Urbano alipoingia, miguu imejaa vumbi hadi magotini.

"Shikamoo, mzee," Sekela alisema.

"Marahaba, mwanangu. Tarehe tisa tulikuwa tunaezua nyumba. Tumeamriwa kuhamia kijiji kipya, maili nne kutoka pale. Kiwanja nilichokichagua kimebaki porini. Ningekuja kuwaonyesha nini?"

"Ungetuma neno," Ambwene alisema.

"Neno gani? Kwamba mwenyekiti hajui kijiji chake kitakaa wapi?" Akatoa barua mfukoni, mikunjo yake imeanza kuchanika. "Ilisomwa mkutanoni. Katibu tarafa alikuwepo, kalamu mkononi, anangoja kusikia nimekosa nini. Ikaisha, hakuandika kitu. Akauliza tu, mashine iwekwe wapi? Tukamwonyesha mahali kwenye kijiji kipya, naye akakubali."

Mjumbe wa Milanzi alisimama. "Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi, fundi."

"Najua. Lakini tuliahidi kumtunzia hadi tarehe thelathini na moja, na leo ni ishirini na tano," Ambwene alimjibu, akageukia Urbano. "Udongo wa hapo ukoje?"

"Mwekundu. Mgumu."

Ambwene alichukua futikamba ukutani. Sekela akaweka karatasi mpya kwenye mashine ya chapa, akaandika tarehe.