Maelezo ya Mhadhara wa Sita

Stephania aliisimamisha video, akairudisha nyuma kidogo, akasikiliza tena. Hakuwa amesikia vibaya. Dokta Januarius alikuwa akisema, kwa sauti yake ile ya kujiamini, kwamba baraza la kata husikiliza mgogoro wa ardhi na kuutolea uamuzi.

Mhadhara ulirekodiwa mwaka 2020, na wakati ule ndivyo sheria ilivyokuwa.

Stephania alikuwa mhadhiri msaidizi katika kituo cha chuo pale Bariadi. Kazi yake asubuhi hiyo ilikuwa kuandika maelezo chini ya kila video: somo, namba ya mhadhara, mada na vitabu vya kusoma. Video zilikuwa zimeshapandishwa tangu juzi bila maelezo yoyote, na wanafunzi walikuwa wanazitazama kujiandaa na mtihani wa kesho. Hakuna mahali palipoonyesha zilirekodiwa lini.

Akampigia Dokta, aliyekuwa Mwanza.

"Dokta, shikamoo. Mhadhara wa sita umepitwa na wakati. Pale kwenye baraza la kata."

"Marahaba. Najua. Nitaurekodi upya muhula ujao."

"Mtihani ni kesho. Naomba niandike kwenye maelezo kwamba sehemu hiyo imebadilika."

"Stephania, andika somo, namba, vitabu. Ukianza kunisahihisha chini ya video yangu, nani ataamini iliyobaki? Nina kikao. Tutaongea jioni."

Simu ikakatika.

Alikaa akiitazama skrini. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa sita, na barua ya kuuongeza ingepita mezani kwa Dokta. Akaandika kama alivyoagizwa, somo, namba, vitabu. Akayasoma. Orodha ya vitabu ilikuwa sawa kabisa, na bado mtu angeifuata mpaka mwisho na kuingia kwenye mtihani na sheria iliyokufa. Akafuta, akaanza upya.

"Sheria ya Ardhi. Mhadhara wa 6: Vyombo vya kutatua migogoro ya ardhi. Umerekodiwa 2020. ZINGATIA: kuanzia dakika ya 18 hadi ya 26 inaelezwa sheria ilivyokuwa kabla ya marekebisho ya 2021. Sasa baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Sehemu nyingine zinafaa kwa marudio. Soma: Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, pamoja na marekebisho ya 2021; Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114; kitini cha somo, sura ya tano."

Akabonyeza kuhifadhi, kisha akatuma kiungo kwenye kundi la darasa.

Haukupita muda simu ikaita. Alikuwa Nkinda, mwanafunzi wa mwaka wa pili anayeishi Nkololo.

"Madam, hayo maelezo ni ya kweli?"

"Ni ya kweli. Kwa nini?"

"Jirani ametushtaki baraza la wilaya kwa shamba la pamba. Leo inasikilizwa. Mwaka jana kata walitukalisha, wazee wakasema shamba ni letu, jirani akakataa. Jana nimesikiliza mhadhara, nikamwambia mayu asihangaike na nauli, kata walishaamua."

"Mama yako yuko wapi sasa?"

"Shambani."

"Nkinda, nisikilize. Kata hawakuamua, walisuluhisha na ikashindikana. Mama asipotokea, wanaweza kuendelea na upande wa jirani peke yake. Chukueni bodaboda, mje barazani huku Bariadi sasa hivi."

"Kama tumechelewa?"

"Njooni."

Stephania hakuandika tena. Alisimama dirishani, akakaa, akasimama. Dokta akapiga; akaiacha simu iite mpaka ikanyamaza.

Ujumbe wa Nkinda uliingia mchana. Walifika shauri lao likiwa linaitwa. Mama yake aliitika kutoka mlangoni, mguu mmoja ukiwa na kiatu kilichokatika kanda, matope mpaka magotini. Shauri limepangiwa tarehe nyingine, walete mashahidi.

Stephania akausoma mara mbili, kisha akampigia Dokta mwenyewe, akamweleza yote, pamoja na kwamba alimkaidi.

"Nimeyaona maelezo," Dokta alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Hukuandika kwamba nilikosea."

"Hukukosea, Dokta. Sheria ilibadilika."

"Huyo mama aliwahi kweli?"

"Aliwahi."

Dokta alikohoa. "Wa tisa nao niliurekodi mwaka ule ule. Usikilize kabla hujauandikia."

Hakusema lolote kuhusu mkataba, na Stephania hakuuliza. Akavaa vipokea sauti, akaufungua mhadhara wa tisa.