Korongo wa Mguu Mmoja

Mzee alipokatwa mguu, hakulia. Alirudi kutoka hospitali na mkongojo wa kwapani, akakaa kwenye kigoda mbele ya karakana yake, akaagiza mchanga uliochekechwa na ndoo ya saruji. Kwa siku nane hakusema na mtu. Siku ya tisa akamtoa korongo: nusu mita kutoka ukucha hadi utosi, shingo imepinda kidogo, mguu mmoja umekunjwa chini ya tumbo na mwingine umesimama wima kama msumari. Watu waliozoea kuja pale kununua vyungu vya maua na simba wa kuweka getini walimtazama, kisha wakautazama mkongojo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa korongo yule ni nani.

Kwa hiyo Sista, muuguzi mkuu wa chumba cha hospitali ambacho waliokatwa miguu hujifunzia kutembea, alipokuja kuomba korongo huyo huyo lakini mkubwa, wa kusimama mlangoni pake, Mzee alijibu hata kabla hajamaliza kuomba.

"Mara nne," akasema. "Mita mbili. Kila kitu mara nne, kisipungue hata unyoya."

"Atakuwa mzito?" Sista akauliza. "Niandae watu wa kumbeba."

Mzee akamnyanyua yule mdogo kwa mkono mmoja. "Huyu ana kilo tano. Mara nne, ishirini. Wabebaji wawili, tena wavivu."

Binti yake, aliyekuwa ndani akikoroga zege, akauachilia mwiko. Huyu binti Mzee alimpachika jina la Futi tangu utotoni, maana alikuwa hawezi kupita penye kitu bila kukipima, na jina likamng'ang'ania kama gundi. Kazi yote ya mikono alifundishwa na baba yake. Tabia ya kukokotoa alikuja nayo mwenyewe, na baba yake alimvumilia nayo kama mtu anavyomvumilia mwanawe anayekoroma.

Futi hakusema kitu mbele ya mgeni. Adabu kwanza. Lakini kichwani hesabu ilikuwa imeshakaa, na haikuwa ishirini.

Kesho yake wakaanza na mchoro. Mzee alichora umbo la korongo mdogo kwa ubavu, ukubwa wake ule ule, kwenye karatasi, akaibandika kwenye plaiwudi ndefu iliyosimamishwa ukutani, akapigilia msumari mmoja katikati ya jicho la ndege, mita moja kutoka sakafuni.

"Kwa nini jichoni, Baba?"

"Kwa sababu ndiko roho iliko."

Futi akameza cheko. Alifunga uzi kwenye msumari, akauvuta moja kwa moja hadi ncha ya mdomo, akapima umbali huo, akauendeleza uzi kwenye mstari ule ule mpaka ukawa mara nne kutoka msumarini, akatia alama. Akafanya hivyo kwa kilele cha kichwa, kwa kifua, kwa mkia. Ndege mkubwa akaanza kujitokeza, sura ile ile, mpindo ule ule. Mpaka walipofika kwenye ukucha. Kutoka jichoni hadi ukuchani kwenye karatasi zilikuwa sentimita arobaini na tano. Mara nne ni mia na themanini. Msumari ulikuwa mita moja juu ya sakafu.

"Miguu yake itakuwa sentimita themanini chini ya sakafu," Futi akasema. "Tuchimbe?"

"Basi nimeharibu ndege."

"Hujamharibu, umemkosea pa kuanzia tu. Tukiuhamisha msumari, ndege atatoka ukubwa ule ule, ila atahama. Mahali pa msumari hapasogei. Kingine chote ndicho kinachokimbia kutoka pale." Akaing'oa karatasi, akaibandika tena chini kabisa, ukucha ukigusa sakafu, na msumari akaupigilia pale pale ukuchani. Safari hii korongo alipanda kwenda juu kama mche, mguu wake ukibaki ulipo. Mzee alitazama akatingisha kichwa kwa furaha asiyotaka kuionyesha.

"Sawa. Roho iko mguuni," akakubali.

Ndipo Futi alipoona ni wakati wake. Alimchukua korongo mdogo, akampindua kwenye mwanga. Nyuma ya ule mguu, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na mstari mwembamba uliozibwa kwa uji wa saruji, rangi yake tofauti kidogo.

"Baba, huu ufa umeuziba lini?"

Mzee akasafisha koo. "Ni unyevu tu."

"Kilo tano zimempa ufa. Mkubwa atakuwa na kilo mia tatu na ishirini."

Mzee akacheka, kicheko cha mtu anayemsubiri mwenzake amalize mzaha. Mwenzake hakumaliza.

"Tano mara nne imeanza lini kuzaa mia tatu?"

"Sio urefu peke yake unaokua. Anakua kwenda juu mara nne, anakua upana mara nne, anakua unene mara nne. Nne mara nne mara nne."

"Basi na mguu nao umenenepa! Ulikuwa sentimita mbili, utakuwa nane. Umekua pamoja na mwili wake, utaogopa nini? Mtoto akikua miguu yake inakua pia." Akagonga mkongojo sakafuni. "Nisikilize, Futi. Ukimwekea mguu wa pili, huyo sio wangu. Usimwambie mtu kwamba nimemtengeneza mimi. Watakaopita mlango ule wanatakiwa wamwone mtu mwenye mguu mmoja aliyesimama. Ndiyo maana yake yote. Ukimwondolea hiyo umemwondolea kila kitu."

Futi aliumia. Hakuumia kwa sauti ya baba yake. Kwa sauti hiyo alikuwa ameshakomaa. Aliumia kwa sababu baba alikuwa na haki. Na kwa sababu kama angenyamaza amridhishe, siku moja mtoto wa mgonjwa angemparamia yule ndege, na mguu ungekatika. Mguu ungekatika mlangoni mwa watu waliokatika miguu. Hilo wazo lilimkosesha hata hamu ya chai.

Akaenda kwenye kona ya karakana ambako huweka vile vipande vidogo vya zege vya kunyanyulia nondo, vyenye pande zote sawa, kila kimoja kikubwa kama kiberiti cha jikoni kilichokatwa katikati. Akavikusanya kwenye karai, akaketi chini mbele ya kigoda cha baba yake, akaweka kimoja peke yake.

"Huyu ni korongo mdogo. Uzito kipande kimoja, amekalia uso mmoja."

"Hana shingo."

"Baba!"

"Endelea, endelea."

Akapanga vipande vinne kwa mstari, mistari minne ubavu kwa ubavu. "Huu ndio unyayo wa mkubwa. Hesabu."

"Kumi na sita."

"Ndiyo. Eneo limeongezeka mara kumi na sita. Hata rangi itakuwa hivyo hivyo. Mdogo alikunywa nusu kikombe, mkubwa atakunywa vikombe vinane, na wewe umeniwekea viwili. Unene wa mguu ukiukata, uso wake ni mara kumi na sita. Kwa hiyo mguu umenenepa kweli, hukukosea." Akaanza kupandisha. Safu ya pili, kumi na sita. Safu ya tatu. Safu ya nne. Mbele yao ukasimama mchemraba mmoja mkubwa, mara nne kila upande. "Sasa mwili."

Mzee hakuhesabu kwa sauti. Midomo ilitembea. "Sitini na vinne."

"Mguu umekua mara kumi na sita, mwili umekua mara sitini na nne. Sasa tazama hiki cha chini hapa." Akakigusa kimoja kwa ukucha. "Kabla kilijibeba chenyewe. Sasa kinajibeba pamoja na vitatu vilivyo juu yake. Kila kipande cha mguu wake kinabeba mara nne ya kile kilichompa ufa yule mdogo."

Mzee aliutazama ule mchemraba kwa muda mrefu. Halafu akafanya jambo ambalo Futi hatalisahau: aliuegemeza mkongojo ukutani, akajiinua kwa mikono yake miwili, akasimama pale pale karibu na ukuta kwa mguu mmoja, mikono hewani.

"Nimesimama au sijasimama?"

"Umesimama, Baba."

"Hesabu."

Futi akahesabu. Moja, mbili. Kufika saba goti lilianza kutetemeka. Kufika kumi na moja uso wa baba ulikuwa umelowa jasho. Futi alikuwa ameshainuka, amekaribia, hamgusi. Kumi na tatu. Baba akayumba, na mkono wake ukanyooka pembeni wenyewe, bila kuamriwa na mtu, ukaushika mkongojo.

Akabaki ameushika, anahema. Akautazama kama aliyekutana nao leo.

"Kumbe," akasema polepole, "tangu siku ile sijasimama kwa mguu mmoja hata siku moja."

Futi akamsogezea kigoda, machozi yakimtoka.

"Nimemtengeneza muongo, mwanangu. Nimemnyima kitu ambacho mimi ninacho." Akasogea hadi kwenye plaiwudi, akaomba chaki. Kando ya ule mguu, kutoka sakafuni hadi tumboni mwa ndege, akachora mistari ya kupinda kidogo, yenye majani marefu. "Korongo husimama kwenye matete. Mpe matete ya kuegemea. Mangapi, wewe mtu wa hesabu?"

"Matatu ya unene wa mguu," Futi akasema, akijifuta kwa kiganja chenye vumbi. "Mguu mmoja na matete matatu: kumi na sita mara nne, sitini na nne. Hapo kila kipande kitabeba kile kile alichobeba mdogo."

"Na mdogo ana ufa."

"Ndiyo. Kwa hiyo matano, na nondo ndani. La nne kwa ajili ya ufa, la tano kwa ajili ya watoto watakaompanda."

"Weka sita," Mzee akasema. "Wajukuu wa watu ni wazito."

Korongo alibebwa na watu wanane na kitoroli, siyo wawili wavivu. Sista aliwapigia kelele njia nzima. Wakamsimamisha mlangoni, zege ya chini ikakauka, vikombe vinane vya rangi vikaisha mpaka tone la mwisho.

Siku ya kwanza mama mmoja alitolewa ndani kwa mazoezi, mguu wake mpya wa bandia bado unamsumbua, mikongojo miwili makwapani. Alisimama mbele ya ndege akamtazama kuanzia utosi. Alipofika kwenye matete, akanyoosha kidole akayagusa.

"Kumbe naye ameegemea," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiona aibu hadi dakika ile.

Mzee alikuwa kwenye benchi pembeni. Akajiinua, mkongojo ukiwa kwapani, akasogea akasimama kando yake.

"Ameegemea, mama," akasema. "Na amesimama."