Préavis ya Groupe

Mi Huguette, gérante, musimamizi wa hoteli ndogo hapa Kolwezi, nilipiga kelele mpaka mupishi akakimbia kuja. Nilikuwa ninasoma kontra, mapatano ya kutengeneza groupe, mashine yetu ya umeme! Mwaka mzima hawa bezi wa kampuni hawajabadilisha hata filtre ya mafuta, na chini kabisa, kwa maandishi ya kutafuta na miwani, wameandika: inajirudia yenyewe kila mwaka, isipokuwa préavis, barua ya kuivunja, ipokelewe miezi mitatu mbele ya mwisho. Ipokelewe, si itumwe! Na siku ya mwisho ya kuipokea ni leo.

Posta imekufa. Bureau, ofisi yao, imefungwa, maana ajenti wao, tata Lukusa, ni mutu wa Kasai, na batu ba Kasai banafukuzwa mu Katanga yote, barudi kwabo.

Nikakimbia gare, kituo cha treni, na barua mukononi. Tata Lukusa alikuwa ameketi juu ya magodoro na muke na batoto, bakingoja treni.

“Tata, muhuri uko?”

Akautoa ndani ya sufuria. Akaandika “imepokelewa” na tarehe, akasaini, akapiga muhuri. Nikaruka-ruka kama mutoto. Tumeshinda!

Akanirudishia kopi yangu.

“Mama Huguette, groupe inapewa préavis ya miezi mitatu,” akasema. “Sisi tulipewa asubuhi moja.”