Jina la Mama Mgongoni mwa Kitabu

Binti alikuwa msanifu wa vitabu katika kiwanda cha uchapaji, na safari hii kitabu kilikuwa cha baba yake mwenyewe: kumbukumbu za marehemu mkewe, zilizopewa jina la mama huyo. Mgongo wa kitabu, ule upande unaoonekana kikiwa rafuni, ulikuwa mwembamba kuliko kidole. Binti aliposimamisha sampuli kwenye rafu mkabala na kitanda alicholazwa baba yake mgonjwa, mzee alikodoa macho weee, wapi!

"Naona sisimizi tu, mwanangu."

Binti akaachana na herufi za madoido, akachukua nene, nyeupe juu ya bluu iliyokoza. Bado hazikusomeka, kwa sababu majina mawili, la mama na la baba aliyekiandika, yaligawana upana ule mdogo.

"Toa langu," baba akasema. "Litabaki kwenye jalada. Mwache mama yako apumue."

"Baba, watu watajuaje ni chako?"

"Atakayekitoa rafuni ataniona."

Binti akalitoa, machozi yakimlengalenga. La mama likakua hadi karibu na kingo, na baba akalisoma kwa sauti.

Vitabu vilipotoka kiwandani, baba alikuwa keshazikwa. Binti alipanga kimoja rafuni. Shangazi yake akalisoma jina toka mlangoni, na wote wawili wakaangua kilio.