Nusu Saa ya Kiingereza

Mtihani wa cheti cha kupima gesi haupo kwa Kiswahili. Lénia, msimamizi wa kituo cha mitihani hapa Palma, alinijibu hivyo bila kuinua macho. Ambao Kiingereza si lugha yao huongezewa nusu saa, ila ombi likubaliwe kwanza, ndipo upange tarehe. Mimi nilianza na tarehe, mjinga mimi! Muda ukaniishia, nikafeli.

Zeca, niliyefanya naye mtihani, hakuomba chochote. Alikariri majibu yaliyovuja, akafaulu.

Leo yeye ndiye mpimaji, mimi na Bashiru vibarua wa kuosha matangi ya mafuta. Kipimo cha gesi kinalia mdomoni mwa tangi, maneno mekundu ya Kiingereza yanawaka. Nayasoma polepole, lakini nayaelewa: msiingie.

“Ni betri tu hiyo, inaisha,” anasema Zeca, akikizima. “Ingia, Mshamu. Bashiru keshatangulia.”